Vous ya Heshima na Wageni Waliozidi

Katika Kifaransa, neno vous hutumika kwa watu wawili au zaidi wanaosemezwa pamoja, na pia kwa mtu mmoja ambaye mwandishi anamheshimu, hamfahamu au anamwogopa. Ni katika matumizi haya ya pili ndipo lugha hiyo inapofanya jambo ambalo mwalimu wa upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili angelitilia alama nyekundu: kitenzi kinawekwa katika wingi, ilhali kivumishi kinachomhusu mtu huyohuyo kinabaki katika umoja na kufuata jinsia yake. Kwa bwana mmoja huandikwa vous êtes invité, kwa bibi mmoja vous êtes invitée, kwa mabwana wengi vous êtes invités, na kwa mabibi wengi vous êtes invitées. Hivyo kitenzi humheshimu mtu kwa kumfanya awe wengi, na kivumishi, ambacho hakijui adabu, humhesabu upya na kumkuta ni mmoja.

Kinachowaingiza waandishi matatani ni kwamba maumbo hayo manne yana matamshi mamoja. Mtu anayezungumza hana haja ya kuamua lolote, kwa kuwa sauti ya mwisho ni ileile kwa bwana, kwa bibi na kwa umati, lakini mtu anayeandika hulazimika kutangaza kwa herufi moja au mbili anamwandikia nani. Programu ya kompyuta inayosahihisha tahajia mara nyingi haina la kusema hapa, kwa sababu maumbo yote manne ni Kifaransa sahihi, na haiwezi kuona kama atakayefungua bahasha ana ndevu. Kwa hiyo katika ofisi za Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura, ambako watu wanaweza kuzungumza Kiswahili asubuhi nzima kisha wakaandika barua ya kikazi kwa Kifaransa, mwandishi hubaki peke yake na herufi ya mwisho.

Barua ifuatayo imetungwa kuwa mfano, ingawa makosa yake yote ni ya kila siku. Ofisi fulani inamjibu bibi mmoja aliyelalamika kwamba faili lake limechelewa, na karani, ambaye huenda amenakili sehemu za barua tatu za zamani, anaandika hivi: « Madame, vous vous êtes plaint du retard de votre dossier. Je vous ai écrite en mars et je vous ai appelé hier. Vous êtes priés de vous présenter vous-mêmes lundi, et soyez assuré de notre attention. » Alichotaka kusema ni kwamba bibi huyo amelalamika, kwamba aliandikiwa mwezi wa Machi na kupigiwa simu jana, kwamba anaombwa afike yeye mwenyewe Jumatatu, na kwamba awe na hakika ofisi inamjali. Alichoandika kisarufi ni kwamba bibi alipolalamika alikuwa mwanamume, alipoandikiwa aligeuka kuwa mwanamke, alipopigiwa simu alirudia uanaume, siku ya Jumatatu anatarajiwa kuja kama kundi, na mwishoni, baada ya kundi kutawanyika, mwanamume mmoja ndiye anayehakikishiwa kujaliwa.

Kosa la priés ndilo lenye madhara makubwa zaidi katika utaratibu wa ofisi, na pia ndilo linaloeleweka kwa urahisi zaidi. Mkono uliokwisha kuandika êtes, ambalo ni umbo la wingi, huvutwa kuendeleza wingi huo hadi kwenye neno linalofuata, na mwandishi aliyelelewa na Kiswahili, ambamo mmefika, wengi na nyote hufuatana bila ugomvi, huvutwa mara mbili. Hata hivyo, wanaoandika Kifaransa kama lugha yao ya kwanza nao huanguka hapohapo. Bibi anayesoma priés kwa uangalifu ana haki ya kudhani kwamba ameitwa pamoja na watu wengine, na kwamba angalau mmoja wao ni mwanamume, kwa kuwa Kifaransa huweka kundi lenye wanawake na wanaume katika umbo la kiume. Akija Jumatatu na mume, mjomba na shemeji wawili, hatakuwa amevunja agizo lolote la barua, hasa kwa vile neno vous-mêmes, lenye s ya wingi mwishoni, limethibitisha mwaliko huo kwa mara ya pili. Kwa mtu mmoja anayeheshimiwa neno hilo ni vous-même, bila s, nalo ni kipimo kizuri cha kutambua kama mwandishi alijua anamwandikia nani, kwa sababu hakuna anayeweka wala kuacha s hiyo kwa ajili ya kupendeza.

Njia iliyo rahisi ya kuepuka aina hii ya kosa ni kuweka, kwa muda, kivumishi ambacho tofauti yake husikika. Neno surpris, yaani aliyeshangaa, huishia kwa irabu likitamkwa kwa bwana, lakini kwa bibi huwa surprise na mwisho wake husikika kama z. Mwandishi akijinong'oneza vous êtes surprise na kuona linamfaa msomaji wake, basi priée, invitée na assurée zinamfaa vilevile. Kwa kipimo hiki kosa la kwanza la barua ya karani halina utetezi, kwa kuwa plaint na plainte hutofautiana masikioni: t isiyotamkwa katika neno la kwanza hutamkwa katika la pili, na aliyeandika vous vous êtes plaint kwa bibi hakuisoma barua yake kwa sauti kabla ya kuipiga muhuri.

Ugumu halisi unaanza pale kitenzi kisaidizi kinapobadilika. Kishiriki cha wakati uliopita, yaani umbo la kitenzi linaloungana na kitenzi kisaidizi na kubeba alama za kivumishi, hufuata kiima kikiwa pamoja na être, kama ilivyo katika mifano ya juu. Lakini kikiwa pamoja na avoir hakijali kiima, bali hufuata yambwa tendwa, yaani kile kinachopokea tendo moja kwa moja, na hilo kwa sharti kwamba yambwa hiyo imetangulia kitenzi. Kanuni hii ilitetewa katika karne ya 16 na mshairi Clément Marot, aliyeichukua kutoka kwa Waitaliano, na tangu hapo imekuwa adhabu kwa watoto ambao hawakumkosea Marot kitu. Mwaka 2018 Wabelgiji wawili waliowahi kuwa walimu, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, walipendekeza hadharani kwamba kishiriki kinachofuata avoir kisibadilike kabisa. Pendekezo lao lilizua mabishano makali, na kanuni ikabaki palepale.

Katika je vous ai appelé hier, neno vous limetangulia kitenzi na ndilo yambwa tendwa, kwa sababu Kifaransa humwita mtu moja kwa moja; msomaji akiwa bibi, inapaswa kuwa appelée. Katika je vous ai écrite en mars, kwa upande mwingine, vous ni yambwa tendewa, yaani mtu anayefikiwa na tendo kwa kupitia kihusishi, kwa kuwa mtu huandika kitu kwa mtu: écrire à quelqu'un. Hapo kishiriki hakibadiliki, na écrit hubaki vilevile kwa bibi, kwa bwana na kwa bunge zima. Karani, aliyesahau heshima ya bibi mahali ilipotakiwa, aliilipa mahali isipodaiwa, na matokeo yake ni sentensi inayodokeza kwamba bibi mwenyewe aliandikwa mwezi wa Machi, kama shairi au cheti.

Neno vous haliwezi kumsaidia mwandishi kutofautisha hali hizi mbili, kwa sababu halibadilishi umbo. Kwa hiyo njia ya uhakika ni kumwondoa msomaji chumbani kwa muda mfupi na kumzungumzia kama mtu wa tatu. Ikisemeka je l'ai appelée, ambamo l' ni ufupisho wa la, basi yambwa ni tendwa na upatanisho unahitajika. Ikilazimu kusemwa je lui ai écrit, kwa neno lui, basi kishiriki kiachwe kama kilivyo. Kwa kipimo hichohicho mtu hugundua kwamba bibi mmoja akifikiwa kwa simu ileile anaweza kupata herufi ya ziada au kuikosa, kwa kutegemea kitenzi kilichochaguliwa: je vous ai appelée hubadilika, lakini je vous ai téléphoné haibadiliki, ingawa bili ya simu ni moja.

Wapo wanaodhani wameponyoka kwa kuandika prié(e), wakifunga jinsia ya msomaji ndani ya mabano. Umbo hilo lina nafasi yake katika fomu ambayo itajazwa na watu wasiojulikana, lakini katika barua iliyoanza kwa Madame ni kosa la adabu zaidi kuliko la sarufi, kwa sababu mwandishi amemwita bibi kwenye mstari wa kwanza na kuanza kumtilia shaka kwenye mstari wa tatu. Nukta ya katikati, kama katika prié·e, ina mashabiki wake pia, ingawa waziri mkuu wa Ufaransa Édouard Philippe, kwa waraka wa Novemba 2017, aliwataka mawaziri wake wasitumie uandishi wa namna hiyo katika maandishi yanayochapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali.

Kuna pia hali ambamo ndevu hazisaidii chochote. Cheo Votre Excellence ni nomino ya kike, na kikiwa kiima cha sentensi, kivumishi hukifuata chenyewe: balozi mwanamume huandikiwa kwa usahihi kabisa Votre Excellence est invitée. Aya inayofuata ikirudi kwenye vous, balozi huyohuyo huwa invité. Anayekaribishwa kwa namna hii hapaswi kuwasilisha malalamiko yoyote ya kidiplomasia.

Barua ya bibi, ikisahihishwa, inasomeka: « Madame, vous vous êtes plainte du retard de votre dossier. Je vous ai écrit en mars et je vous ai appelée hier. Vous êtes priée de vous présenter vous-même lundi, et soyez assurée de notre attention. » Karani akipenda kuongeza chini yake salamu ya kawaida, yenye maneno sentiments distingués, asiguse s ya mwisho wala asiongeze e kwa ajili ya bibi, kwa kuwa kivumishi hicho kinazifuata hisia za anayeandika, na katika Kifaransa hisia hizo ni za kiume na ni nyingi, hata zikitoka kwa mwanamke mmoja aliyechoka.