Ripoti ya Mwalimu na Ndengu Zilizopungua

Ripoti ya mwalimu wa nyumbani ni karatasi moja yenye wasomaji wanaotafuta vitu tofauti. Baba hutafuta alama. Mama hutafuta mahali palipoandikwa kwamba mtoto ni mvivu, amshike na ushahidi. Katika nyumba ninayofundisha hapa Kitui yumo pia susu, mama mzazi wa baba. Yeye hasomi, husomewa, na ndiye hutoa hukumu.

Mwanafunzi wangu yuko Gredi ya 8. Wazazi wake wana duka la nafaka, nami humfundisha hesabu ndani ya duka hilohilo, Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi, katikati ya magunia ya ndengu na wateja wanaotaka kujua kama mimi ndiye ninayepima. Muhula wa kwanza ulipokwisha, baba aliniomba ripoti kwa maneno machache: “Mwalimu, wewe weka tu namba nzuri.”

Nilianza na mahudhurio, nikidhani hapo hapatakuwa na ubishi. Vipindi 24 vilipangwa, vikafanyika 15. Kwa kuwa mimi hulipwa kwa kila kipindi, baba aliifurahia sana tofauti hiyo, mpaka nilipomsomea sababu. Vipindi 3 vilimezwa na kuvuna ndengu, kwani mvua za mwisho wa mwaka zikishapita, Januari na Februari hakuna mkono unaobaki nyumbani. Viwili vilizuiwa na mto uliojaa masika yalipofika. Kimoja kilikwenda na punda aliyepotea na madumu ya maji mgongoni, na mtoto akatumwa kumtafuta. Viwili nilikosa mimi mwenyewe kwa homa. Kimoja kilichobaki nimekiandika kama nilivyoambiwa: mtoto alidhani ni Alhamisi.

“Sasa punda ameingiaje kwenye ripoti ya hesabu?” baba akauliza.

Nikamjibu kwamba asipoingia, atakayeonekana mjinga ni mtoto. Vipindi 9 kati ya 24 ni zaidi ya theluthi moja ya kazi yote. Mzazi akiona alama bila kuona mahudhurio, atadhani mtoto alifundishwa muhula mzima akashindwa.

Kisha tukafika kwenye malengo. Mwezi Januari baba alitaka niandike “ajue hesabu”. Lengo la namna hiyo halipimiki. Hata mimi bado sijalifikia. Tulikubaliana niandike hivi: ajumlishe na kutoa sehemu ambazo namba zao za chini hazilingani, apate angalau maswali 15 kati ya 20 bila msaada. Januari alipata 6.

Makosa yake yalikuwa na mpangilio, na mwalimu hufurahia makosa yenye mpangilio. Kila alipoona 1/2 + 1/3 aliandika 2/5: juu anajumlisha na juu, chini na chini. Angekuwa amepitiwa tu, leo angekosea hivi na kesho vile. Yeye alikosea kwa njia ileile kila mara, tena kwa mwandiko mzuri. Huo si uvivu. Ana kanuni anayoiamini, ila kanuni yenyewe ni mbovu. Mama alisikitika kidogo kusikia hivyo, maana uvivu alikuwa na dawa yake.

Kumpa kanuni nyingine bila kuing'oa ile ya kwanza hakusaidii. Mtihani ukikaribia, ile ya zamani hurudi. Kwa hiyo nilichukua gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka. Tukatia ndengu nusu yake, kisha tukaongeza theluthi. Nikamuuliza: sasa zimezidi nusu au zimepungua? Zimezidi. Na 2/5 je, ni zaidi ya nusu? Akafikiri. Nusu ya 5 ni mbili na nusu, kwa hiyo 2/5 haifiki nusu. Susu, aliyekuwa akichambua maharagwe kimya, akasema kwa sauti ya polisi: “Ukiongeza ndengu zikapungua, kuna mwizi humu dukani.”

Kuanzia siku hiyo mtoto alianza kumtafuta mwizi kabla ya kupiga hesabu. Vipande haviwezi kuhesabiwa pamoja kabla havijawa vya ukubwa mmoja, kwa hiyo nusu akaiandika 3/6, theluthi akaiandika 2/6, akapata 5/6. Kisha akachungulia kopo kuhakikisha.

Mwezi Machi nikampa maswali 20 mapya. Hapa kuna jambo ambalo walimu wa nyumbani hulijua lakini huliandika mara chache: mtoto aliyezoea kuketi na mwalimu husoma nyusi za mwalimu kuliko daftari. Nikikohoa, anafuta. Kwa hiyo nilitoka nje na kumwachia susu usimamizi. Baadaye niliambiwa kwamba susu alimnong'oneza jibu moja kwa Kikamba. Bahati nzuri, halikuwa sahihi, na mtoto alikataa kuliandika. Hilo peke yake ni maendeleo.

Alipata 13. Lengo lilikuwa 15, nami nikaandika kwamba halikufikiwa. Kati ya maswali 7 aliyokosa, 2 yalikuwa ya haraka. Yale 5 yalikuwa na namba hasi, mada tuliyoigusa kidogo tu kabla mto haujajaa. Mtoto amekariri kwamba hasi na hasi huwa chanya, kwa hiyo kwake −3 − 5 ni 8. Mama alifungua daftari la madeni hapohapo: mteja anadaiwa shilingi 300, anakopa tena 500, halafu duka ndilo linalopaswa kumlipa yeye 800? Nikamwambia somo la kwanza la muhula ujao amekwisha kulifundisha.

Baba alikuwa bado kwenye ile 13. “13 kati ya 20 ni asilimia 65. Basi shuleni muhula ujao tutarajie 65, ama hata 80.”

Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini matarajio hayakuwa. Shuleni mtoto alipata 34 kwa 100, na mtihani wa shule hauulizi sehemu peke yake. Una vipimo, jiometri, aljebra na takwimu. Ukikarabati chumba kimoja, nyumba nzima haiwi mpya. Niliandika hivi: akihudhuria vipindi 20 kati ya 24, sehemu atazimudu kwa 16 au 17 kati ya 20, namba hasi atapata nusu, na alama ya shule itakuwa kati ya 42 na 50. Akihudhuria 15 kama muhula huu, msinidai zaidi ya 40.

Baba akapendekeza tufidie vile 9 mwezi Aprili. Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. “Hata dukani kwangu?” akauliza. Nikamwambia sitaki kuwa wa kwanza kuijaribu sheria hiyo juu ya gunia la ndengu.

Susu akaomba asomewe tena ile sehemu ya punda, kisha akatoa hukumu: kuanzia muhula ujao, Jumatano na Jumamosi maji yatachotwa na baba. Nimeiandika kwenye ripoti, na baba ametia sahihi.

Nawe mzazi, ukiletewa ripoti ya mwalimu wa nyumbani, usianze na alama. Uliza vipindi vingapi vilifanyika, mtoto alikosea nini hasa, na alipimwa wakati mwalimu yuko wapi. Ukikosa majibu hayo matatu, ulichopewa ni risiti tu.