Hongera kwa Mibofyo

Kijana wetu wa matangazo katutumia picha ya skrini, nasi tumeipokea kama matokeo ya kidato cha nne. Impressions: 84,000. Clicks: 1,260. CPC: shilingi 100 tu, rahisi kuliko andazi. Safu ya Conversions imekatwa kidogo pembeni. Ukikuza picha unaona 2. Lakini nani ahangaike na vitu vidogo hivyo?

Tena wabofyaji wenyewe ni watu makini. Wengi wametoka kwenye gemu za simu, saa ambazo watoto wameshika simu za mama zao. Kidole kikiteleza, tayari ni mteja. Wachache waliokusudia walifika kwenye ukurasa wetu, wakasubiri picha zifunguke kama wasubirivyo daladala siku ya mvua, kisha wakakuta "Bei njoo inboksi". Siri ya biashara hiyo, haimwagwi ovyo.

Wawili waliovumilia wamenunua sendozi, 15,000 kila mmoja. Tangazo limekula 126,000. Kijana anashauri tumwongezee bajeti, eti CPC itashuka hadi 80. Nimeshamtumia, pamoja na ya kutolea.