Njia za Mkato kwa Mwenye Duka Asiye na Muda wa Kiingereza cha Matangazo

Ndugu yangu mwenye duka, umefungua Ads Manager ya Meta, ile inayoendesha matangazo ya Facebook na Instagram, ukakuta Kiingereza kimejaa toka juu hadi chini. Usiifunge. Wala usimkabidhi kijana wa jirani kadi yako ya benki eti kwa sababu yeye kafika kidato cha nne. Sogea karibu nikufundishe kudanganya kwa heshima. Skrini ile huna haja ya kuisoma. Jua tu pa kuangalia, gusa sehemu chache, mengine yaache yalivyo, na atakayekuwa amesimama nyuma yako ataamini umeisoma yote.

Tufanye kazi na duka moja. Ni duka la mapazia pale Makoroboi, Mwanza. Mwenye duka ametenga shilingi 100,000, anataka tangazo la siku nane, na anataka wateja wamtumie ujumbe WhatsApp.

1. Pita haraka mlangoni

Kazi imegawanywa ngazi tatu, na utaziona kushoto: "Campaign", "Ad set" na "Ad". Ya kwanza inauliza unataka nini. Chagua "Engagement", kisha ukishuka ngazi ya pili uchague WhatsApp kuwa mahali pa mazungumzo. Ya tatu ni picha na maneno, na hayo unayajua kuliko mtu yeyote. Pesa, watu na saa viko ngazi ya kati, "Ad set", na huko ndiko fedha za wenye maduka zinakopotelea. Ukifika huko ukaikosa sehemu ya bajeti, usihangaike: imewekwa juu, kwenye "Campaign".

2. Chora duara dogo

Tafuta neno "Locations". Andika Mwanza, kisha usibonyeze jina la kwanza kwa pupa. Malawi nako kuna Mwanza, mji wa mpakani, na jina linaandikwa vilevile. Soma neno linalofuata baada ya jina. Likiwa Tanzania, endelea.

Ukichagua jiji zima, utapewa na duara kulizunguka, mara nyingi limeandikwa "25 mi". Herufi hizo mbili ni maili, na maili 25 ni kilomita 40. Ukipima kilomita 40 kutoka katikati ya Mwanza, unavuka ziwa na kuifikia Sengerema mjini. Sehemu kubwa ya duara ni maji, na sehemu nyingine ni watu ambao hawatapanda gari kuja kupimiwa pazia la dirisha moja. Kwa hiyo lifute jiji, weka pini kwenye ramani pale dukani penyewe (kitufe chake kimeandikwa "Drop pin"), geuza "mi" iwe "km", na uandike 10. Sasa unao Kirumba, Pasiansi, Nyakato na Nyegezi, watu ambao bodaboda anawafikia kwa nauli inayobebeka. Jiji zima halikubali duara dogo namna hiyo, ila pini inakubali hata kilomita moja.

Najua moyo wako unataka nini. Unataka shemeji aliyeko Dar na kaka aliyeko Maskati waone kwamba duka lako linatangazwa. Wapigie picha ya skrini uwatumie, haigharimu kitu. Usilipie macho yasiyonunua.

3. Kisanduku cha lugha usikiguse

Hapa wazalendo wengi huumia. Wanaona neno "Languages", wanafurahi, wanachagua Kiswahili kwa sababu tangazo lenyewe ni la Kiswahili. Lakini kisanduku hicho hakiulizi mteja anazungumza lugha gani nyumbani. Kinawachuja watu kwa lugha wanazotumia huko kwenye mtandao, na Watanzania wengi sana wameacha Facebook yao katika Kiingereza ilichokuja nacho, ingawa kutwa wanaandika Kiswahili. Ukichagua Kiswahili, hao wote umewafungia mlango. Kiache wazi. Kuacha wazi maana yake ni watu wote waliomo ndani ya duara lako.

Kwenye yale mambo watu wanayoyapenda, jizuie pia. Mwenye duka huandika mapazia, harusi, nyumba mpya na mapambo, akiamini anamtafuta mtu mmoja mwenye sifa zote nne. Skrini inaelewa vingine: mwenye sifa yoyote mojawapo anaingia, na kila neno unaloongeza linapanua kundi badala ya kulibana. Na ukiona imeandikwa "Advantage+ audience", jua kwamba mambo hayo unayoyaandika yanapokelewa kama mapendekezo, na Meta inaweza kuyavuka ikiona kuna mteja nje yake. Mahali inapaheshimu. Ndiyo maana nimekusumbua na duara, na kwenye haya nakuruhusu uwe mvivu. Andika moja au mawili, au usiandike kabisa.

4. Tazama alama iliyoko mbele ya namba

Sasa pesa. Kabla hujaandika chochote kwenye "Budget", tazama alama iliyotangulia. Mfanyabiashara wa Kenya anaweza kufungua akaunti inayohesabu kwa shilingi zao. Akaunti za wauza duka wa Tanzania kwa kawaida zinahesabu kwa dola. Mtu aliyezoea kuhesabu elfu tano anaandika 5000 bila wasiwasi, na mbele yake kuna "$". Amewaruhusu watumie dola elfu tano. Hiyo si bei ya tangazo, ni bei ya kiwanja.

Fanya hesabu kwenye karatasi kwanza. Tuseme dola moja ni shilingi 2,500, ili hesabu iwe nyepesi. Siku yenyewe utatumia bei ya benki yako. Shilingi 100,000 ni dola 40. Kwa siku nane, dola 5 kila siku.

Kisha kuna chaguo la maneno mawili. "Daily budget" ni kiasi cha kila siku, na "Lifetime budget" ni kiasi cha tangazo zima mpaka mwisho. Wengi hukimbilia la kwanza kwa kuwa dola 5 inaonekana ndogo. Lina mambo mawili ya kuogopa. La kwanza, zile dola 5 ni wastani: siku moja mtandao unaweza kutumia zaidi na nyingine pungufu, ili mradi wiki isizidi mara saba ya kiasi chako. La pili ndilo baya. Usipoweka tarehe ya mwisho, tangazo halikomi. Litaendelea kula dola 5 leo, kesho na mwezi ujao, mpaka ulizime kwa mkono au kadi iishiwe.

Kwa hiyo chagua "Lifetime budget", andika 40, umemaliza. Halitavuka 40, na lenyewe litakulazimisha uweke siku ya mwisho. Ukitaka kulala usingizi kabisa, nenda kwenye sehemu ya malipo, tafuta "Account spending limit", weka kikomo cha akaunti nzima. Hiyo ni kufuli ya pili, na inafanya kazi hata siku utakapokosea kila kitu nilichokueleza.

5. Tumia saa ya ukutani

Hapa tutulie, kwa sababu hapa hata mwenye digrii anakosea. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, skrini inahesabu kuanzia katikati ya usiku. Mwenye duka anataka tangazo lianze saa mbili usiku, anachagua 2:00 AM. Umemwona? Amelirusha saa nane za usiku, Mwanza yote imelala.

Njia ya mkato ni hii. Inua macho uitazame saa ya ukutani. Tafuta saa unayoitaka kwa Kiswahili, kisha usome namba iliyo upande wa pili wa duara, mkabala nayo. Mkabala na 2 kuna 8. Mkabala na 4 kuna 10. Mkabala na 12 kuna 6. Hiyo ndiyo namba ya kuweka. "AM" inaanzia saa sita usiku hadi saa sita mchana, na "PM" inaanzia saa sita mchana hadi saa sita usiku.

Sasa angalia herufi tatu zilizo karibu na saa ya kuanza. Zikiwa "EAT", ni saa za Afrika Mashariki. Zikiwa "PDT" au "PST", akaunti yako inafuata saa za Kalifonia. Hapo ukiandika 8:00 AM ukikusudia saa mbili asubuhi, tangazo litaanza Mwanza saa kumi na mbili jioni, au saa moja usiku majira yao ya baridi. Kubadilisha saa za akaunti maana yake ni kufunguliwa akaunti mpya na ya zamani kufungwa, kwa hiyo zipange vizuri siku ya kwanza kabisa.

Kwa kuwa tumechagua "Lifetime budget", tunaweza pia kuchagua saa za kila siku. Utaona jedwali la siku na saa, upake rangi vyumba unavyotaka. Mwuza mapazia wetu mchana anakata vitambaa na hawezi kujibu simu, basi apake kuanzia 6 PM hadi 10 PM: saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Juu ya jedwali achague "viewer's time zone", yaani saa za anayetazama. Wanaotazama wako Mwanza, hivyo jedwali litafuata saa za Mwanza hata kama akaunti iko Kalifonia.

Tarehe ya mwisho nayo ina mtego. Skrini ikisema tarehe 10, 12:00 AM, hiyo ni ile saa sita usiku inayoifungua tarehe 10, yaani usiku wa kuamkia tarehe hiyo. Tarehe 10 yote umeikosa. Weka tarehe 10, 11:00 PM.

6. Rudi kesho yake, usihesabu "like"

Bonyeza "Publish". Litakaa kwanza kwenye "In review", kisha liwe "Active". Siku mbili tatu za mwanzo usilichokonoe, maana kila badiliko kubwa linaurudisha mtandao kuanza kujifunza upya nani wa kumwonyesha.

Usiku wa siku ya pili, saa nne ikishapita, angalia mambo mawili tu. "Amount spent" inapaswa kuwa karibu na dola 10. Ikiwa 2, huenda vyumba ulivyopaka ni vichache au duara limebana mno. Kisha fungua "Breakdown", chagua "Region", usome majina ya mikoa. Likitokea jina lisilo Mwanza na lenye fedha nyingi mbele yake, zima tangazo papo hapo urudi kwenye pini.

Idadi ya waliopenda picha itakuvuta, nayo ni tamu. Ipite. Gawa pesa iliyotumika kwa mazungumzo mapya ya WhatsApp yaliyoingia. Dola 10 kwa mazungumzo ishirini ni nusu dola kila moja, kama shilingi 1,250. Mwenye duka la mapazia anajua faida ya dirisha moja, na anajua kati ya watu ishirini wanaouliza bei wanaonunua ni wangapi. Hesabu hiyo aifanye kwa Kiswahili, kwenye daftari lake lilelile la mauzo.