Namna ya Kumkaribisha Rafiki Aliyebatizwa

Anza na magamba. Mtu wa Nchelenge ambaye mwenzake ameingia Usabato huijua Walawi 11 kuliko shemasi: samaki mwenye mapezi na magamba analiwa, asiye nayo ni machukizo. Pale, yule sato wetu wa Mweru, anapita. Chisense anapita na udogo wake. Kambale hapiti, hata umkaushe kwa moshi wiki nzima. Sufuria iliyopika kambale jana nayo utaulizwa habari zake, kwa hiyo nunua nyingine Kashikishi, uitundike mahali atakapoiona.

Kisha kalenda. Chisense huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi, na giza halichagui siku. Likiangukia Ijumaa, mwenzako atafunga mtumbwi kabla jua halijazama, na hatagusa wavu mpaka lizame la Jumamosi. Mtumbwi ni wenu wawili, basi tafuta kijana wa kukushikia taa, umlipe kwa beseni. Atakuwa hodari. Ila hataujua ule wimbo mliouimba kufukuza usingizi, na ukimfundisha atakuuliza unachekesha wapi. Mwishoni mwa Julai usimngoje rafiki yako stendi. Mwata Kazembe hucheza Mutomboko Jumamosi.

Wala Sabato yenyewe haina ubaya. Serikali nayo hufunga uvuvi Desemba hadi Februari samaki wapumue. Kinachouma ni jicho. Atakaa kwenye kigoda chake kilekile, aangalie kikombe chako cha katubi, amwangalie mkeo, halafu aseme kwa upole:

“Bashi Chanda, ndoa bila kanisa si ndoa.”

Hapo ziba mdomo kwa tonge kubwa la bwali. Usimkumbushe kwamba shibukombe wako alikuwa yeye. Kwamba ndiye aliyepeleka insalamu kwa wakwe zako, akapiga magoti mlangoni, akabembeleza mpaka wazee wakacheka, akarudi usiku akipiga kelele njia nzima kwamba tumepewa mke. Tumepewa, alisema. Ukimkumbusha atajibu kuwa siku hizo alikuwa gizani, nawe utabaki ukijiuliza kama na wewe umo kwenye hilo giza alilotoka, pamoja na mtumbwi na wimbo.

Mmiminie munkoyo wa leo. Wa juzi umeshachachuka, atauita pombe.

Sala ya chakula itakuwa ndefu. Atakutaja kwa jina, kisha kwa dhambi, mbele ya watoto. Itikia amina kwa sauti, maana ukinyamaza atadhani Mungu hakusikia, na ataanza upya.

Kichwa cha pale mwachie. Atakinyonya mpaka mfupa wa mwisho kama zamani, alambe vidole mbele yako bila aibu, halafu akualike ibada ya Jumamosi. Mwambie Jumamosi unauza kambale.

“Nitakuombea,” atasema.

Mwambie aombee na bei.