Nyumba ya Mjomba

Jumapili ile mjomba aliingia kwetu Kilosa akitokea Mikumi, na chai haijapoa bao likawa mkekani. Alicheza na kaka yangu huku akitusimulia mafuriko ya mwanzoni mwa mwaka 2010, Mkondoa ulivyofurika hadi ukaing'oa reli.

Maji yalipofika mlangoni katika kisa chake, alinamua kete kwenye shimo lenye mbili. Haikula. Akazichota zote tatu akatakata, na ya mwisho ikaangukia nyumba yake yenye sita. Zikawa saba. Mjomba akazizoa, akaanza kusafiri.

"Umelala, Mjomba!" kaka akamshika mkono.

"Nyumba ni yangu, nasafiri nikitaka!"

Katika kuvutana, bao likapinduka. Komwe zikatawanyika hadi chini ya kabati. Kisa kikakatika, kila mtu akanyamaza.

Shangazi aliweka kando ungo wa mchele. Hakuuliza nani mkosa. "Shemeji, kete ya kwanza ilikula?"

"Haikula."

"Basi hiyo ni takata. Ungeanza kwa kula, ukaishia nyumbani na shimo linaloikabili likawa tupu, hiari ingekuwa yako, ulale au usafiri. Kwa takata, ukifika nyumbani umelala."

Mjomba akasema kwao wanasafiri vyovyote. Shangazi hakumbishia. "Kwenu mchezeni hivyo. Hapa hatukupatana kabla ya kuanza, kosa ni letu sote. Tumalize kwa sheria ya hapa, na tukija Mikumi tutafuata yenu." Kisha akamgeukia kaka: "Nawe, mkubwa hashikwi mkono. Sema, ngoja akujibu." Kaka akaomba radhi.

Ikabaki kulipanga bao upya. Kila mmoja alitaja mashimo yake, mwenzake akikubali au kusahihisha, na nyumba ya mjomba ikarudishiwa saba zake. Tukahesabu za ubaoni na zilizobaki mikononi: 63. Bao lina 64, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kucheza. Bibi ndiye aliyeiona ya mwisho, ya kijivu, imejichimbia kwenye mchele. Ilikuwa ya shimo la pembeni la kaka, naye alikwisha kulitaja kuwa na mbili wakati tumeweka moja.

"Zamu ya kaka," shangazi akasema. "Na wewe shemeji, maji yalikuwa mlangoni. Endelea."

Mjomba akaendelea, kwanza kwa sauti ya chini, halafu kama mwanzo. Zamu chache baadaye alinamua, akala, akasambaza kuanzia kichwani, na kete ya mwisho ikatua nyumbani. Shimo la kaka linaloikabili lilikuwa tupu. Mkono wake ukasimama juu ya nyumba, akamtazama shangazi.

Kaka ndiye aliyejibu: "Hiyo yako, Mjomba. Safiri."

Akazizoa zote, akasafiri, na maji ya Mkondoa yakaingia ndani.