Ping Imefaulu, Hongereni

Ndugu zangu wa dawati la msaada, asanteni kwa ushauri wa kuwasha seva upya. Nimewasha. Pakiti bado zinapotea kati ya kanda A na kanda B, ila seva imepumzika vizuri.

Mnasema ping yenu haikupoteza kitu. Sibishi. Lakini kati ya kanda hizo kuna njia nyingi sambamba, na swichi huchagua njia kwa kukokotoa itifaki, anwani na namba za milango ya pande zote mbili. Ping haina mlango, hivyo mara nyingi hung'ang'ania njia moja, ile nzima. Ni kama kukagua daladala zote za jiji kwa kupanda moja tu, ya shemeji yako.

Ndiyo maana nikaambatisha jaribio la TCP. Mlango wa kupokelea haubadiliki, 443. Wa kutokea nimeubadilisha mmoja mmoja. Ukitumia 40007, pakiti hupotea kila jaribio linaporudiwa. Ukitumia 40008, zote hufika. Kwa kuwa kila muunganisho mpya huokota mlango wake, wateja wangu huona tatizo linakuja na kuondoka. Kumbukumbu za tcpdump za pande zote mbili, kwa saa za UTC, zinaonyesha pakiti ikitoka huku na isiingie kule.

Jibu lenu nimelipata: ukurasa wa hali ya huduma ni wa kijani, kwa hiyo mnaomba picha ya ping. Naituma. Inapendeza kweli.