Pua Huja Mwisho: Mwongozo wa Anayetaka Kusalimia kwa Pua

Ndugu msafiri, mikono yako ni mizoefu. Imepeanwa sokoni, msikitini, kanisani na msibani, nayo inajua lini ikaze na lini ilegee. Mgongo wako nao, ukifika Japani, utajifunza kuinama baada ya siku mbili tatu. Mashavu yatazoea mabusu ya Wafaransa ukishajua yanaanzia upande gani. Iliyobaki ni pua. Tangu uzaliwe umeitumia kunusia pilau na kupigia chafya, na hujawahi kuituma kazi ya ubalozi.

Mwongozo huu ni wa kuiandaa pua hiyo. Nitakaa zaidi Nyuzilandi, ambako Wamaori husalimiana kwa hongi, kisha nipite Ghuba, ambako Waswahili wengi wanaishi na kufanya kazi. Wengi huuliza pua inawekwaje. Hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote. Jambo gumu ni kujua lini, na baada ya nini.

Hatua ya kwanza: Usipige hodi

Chukulia ninyi ni walimu wanane kutoka Morogoro, mmealikwa kwenye marae moja mjini Rotorua. Marae ni uwanja wa ukoo pamoja na nyumba yake ya mikutano. Mnafika getini, na koo tayari linawasha kutaka kuita hodi. Limezeni neno hilo. Hapa mgeni haanzi. Atasimama mwanamke wa wenyeji na kuita kwa sauti ndefu inayopanda, na mwanamke wa upande wenu ataitikia. Kama hamna mwanamke anayeweza kuitikia kwa Kimaori, waambieni wenyeji siku kadhaa kabla, nao wataweza kuwatafutia wa kuwasaidia.

Baada ya wito ndipo mnaingia, kwa kundi moja na polepole, wanawake wakiwa mbele. Katikati ya uwanja mtasimama kimya kwa muda. Hapo mnawakumbuka waliokufa, wenu na wao, kwa sababu marehemu nao wanahesabiwa kuwa wamehudhuria. Anayetoa simu wakati huo kupiga picha ameikosea safari yake yote.

Hatua ya pili: Keti, sikiliza, imba

Mtaonyeshwa viti. Safu ya mbele ni ya wazungumzaji, na katika sehemu nyingi hao ni wanaume. Kiongozi wa msafara wenu akiwa mama, ulizeni mapema utaratibu wa marae hiyo, msije mkaulizana kwa macho mbele ya watu. Kama hakuna anayejua Kimaori, ombeni mtu wa kuwasemea.

Hotuba zina zamu, na zamu hutofautiana kwa makabila. Kwa Te Arawa, wenyeji wa Rotorua, pande mbili hupokezana: mwenyeji, mgeni, mwenyeji, mgeni, na mwenyeji ndiye anayefunga. Kwingineko wenyeji wote humaliza kwanza, kisha wageni huzungumza kwa mfululizo. Anayezungumza haingiliwi, wala hakuna anayekatiza mbele yake.

Kila hotuba hufuatwa na wimbo unaoiunga mkono. Msafara wa walimu wanane ni lazima uwe na wimbo ambao wote wanane wanaujua hadi ubeti wa mwisho. Wimbo unaofia njiani, watu sita wakitazama viatu na wawili wakibahatisha maneno, humwacha mzungumzaji wenu amesimama peke yake. Fanyeni mazoezi Morogoro.

Mzungumzaji wenu wa mwisho ataweka chini bahasha. Hiyo ni koha, zawadi ya wageni kwa wenyeji, ambayo siku hizi mara nyingi ni fedha. Ichangisheni mapema. Haikabidhiwi mkononi. Inawekwa chini, na mwenyeji anakuja kuiokota.

Hatua ya tatu: Sasa pua

Wenyeji wamejipanga mstari. Mnapita mmoja mmoja, na mwendo ni huu. Toa mkono wa kulia umshike mwenzako mkono. Wa kushoto unaweza kuuweka begani kwake. Sogea karibu kuliko ulivyozoea kumsogelea mtu usiyemjua. Teremsha macho au yafumbe. Pua ikutane na pua, mara nyingi na paji la uso pia, kwa mgandamizo mwepesi. Tulia kwa muda wa pumzi moja, kisha rudi nyuma.

Wenye miwani waivue kabla ya kufika mstarini. Mrefu ndiye anayeinama, kwa kuwa mfupi hawezi kurefuka. Kuna wanaogandamiza mara moja na kuna wanaorudia mara ya pili, kwa hiyo mwache mwenyeji aongoze. Kati ya mwanamume na mwanamke, busu la shavuni hutumika pia, na hapo tena mwenyeji ndiye anayeonyesha njia. Ukiwa na mafua, sema, na mpe mkono tu. Wamaori wanalielewa hilo vizuri: mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia, baadhi ya makabila yao yenyewe yalisimamisha hongi kwa muda.

Kosa linaloonekana zaidi ni kusugua. Wazungu wa zamani waliandika kwamba Wamaori husuguana pua, na uongo huo umezunguka dunia. Hakuna kinachosuguliwa. Kinachofanyika ni kushirikiana pumzi. Katika masimulizi ya Wamaori, mungu Tane alimfinyanga mwanamke wa kwanza, Hineahuone, kwa udongo wa Kurawaka, akampulizia puani, naye akapiga chafya na kuwa hai. Ukigusanisha pua na mwenyeji wako, mnarudia tendo hilo, na kuanzia hapo wewe si mgeni kama ulivyokuwa getini.

Hapa Mswahili anahitaji kuzoea jambo moja. Shikamoo yetu inaanzwa na mdogo, na jibu lake linatambua umri wa mkubwa. Katika hongi heshima ya umri huonekana kwenye mpangilio wa mstari na wa wazungumzaji. Pua zinapokutana, zote mbili husogea sawa.

Usiondoke baada ya mstari. Kuna chakula, na chakula ndicho kinachofunga shughuli, kwa kuwa kinaondoa mwiko wa sherehe na kuwarudisha watu kwenye hali ya kawaida. Anayeaga kabla ya kula ameacha kazi nusu. Na usikalie meza ya chakula hata kama viti vimeisha.

Pua iliyotangulia

Kama bado unafikiri utaratibu wote huu ni mrefu mno, sikiliza yaliyotokea Oktoba 1769. Kapteni James Cook alitia nanga pwani ya mashariki ya Nyuzilandi, mahali panapoitwa leo Gisborne. Siku ya kwanza ya kukanyaga nchi kavu, watu wake walimpiga risasi na kumuua Mmaori aitwaye Te Maro. Hapakuwa na wito, hotuba wala maombolezo ya pamoja.

Siku iliyofuata walirudi, na Wamaori wenye silaha wakasimama ng'ambo ya mto. Tupaia, kuhani na baharia kutoka Raiatea aliyekuwa melini, aliwasemesha kwa lugha yake, nao wakamwelewa. Mmoja wao akaogelea hadi kwenye mwamba uliokuwa katikati ya mto. Cook akaweka bunduki chini, akamfuata peke yake, na pale juu ya mwamba wakagusanisha pua. Ndiyo salamu ya kwanza iliyoandikwa kati ya Mmaori na Mwingereza.

Haikudumu. Wengine walivuka, watu wakachanganyika, na Mmaori mwingine, Te Rakau, akanyakua upanga wa mmoja wa wageni. Alipigwa risasi akafa. Pua zilikuwa zimekutana kweli, lakini damu ya jana ilikuwa haijazungumzwa, na marehemu hakuwa amekumbukwa na pande zote mbili. Salamu ilitangulia mambo yote ambayo kazi yake ni kuyafunga. Ilichukua miaka 250, hadi Oktoba 2019, balozi wa Uingereza nchini humo kukutana na makabila ya Gisborne na kueleza masikitiko ya serikali yake kwa vifo vile. Hongi ni muhuri, na muhuri hauna thamani juu ya karatasi tupu.

Ghuba: pua ile ile, mlango mwingine

Sasa panda ndege uende Falme za Kiarabu au Katari. Hapa pia utaona wanaume wawili waliovaa kanzu wakigusanisha pua, pengine mara moja, pengine mara mbili au tatu, huku mikono imeshikana. Baadhi ya Waomani nao wana desturi hii. Usidhani uliyojifunza Rotorua yatakutosha.

Ghuba, pua huja mwanzoni. Hakuna geti la kusubiri wala wimbo wa kufanyia mazoezi. Unasema assalaam alaykum, pua zinagusana, kisha ndipo habari za afya, watoto na wazee zinaanza kumiminika. Lakini mlango wake ni mwembamba. Ni salamu ya wanaume wanaofahamiana, ndugu, marafiki na watu wa kabila. Mwajiri wako mpya hakutazamii umletee pua. Mpe mkono, na akiusogeza uso wake mwenyewe, mfuate kwa upole. Kwa wazee, vijana wengi humbusu mzee puani au kwenye paji la uso, na mtu wa Lamu au Unguja aliyezoea kubusu mikono ya wazee wake atalielewa hilo mara moja.

Kwa mwanamke asiye ndugu yako, pua haipo kabisa, na hata mkono subiri autoe yeye. Asipoutoa, weka kiganja chako cha kulia kifuani na uinamishe kichwa kidogo. Umesalimia kikamilifu, na hakuna aliyepunjwa.

Namna ya kujua kama umekosea ni moja kote kuwili: ukihisi shingo ya mwenzako inakaza au kiganja chake kinakuzuia, umefika kabla hujakaribishwa. Rudi nyuma nusu hatua, bakiza mkono, tabasamu, endelea na maneno. Usijitetee kwa maelezo marefu.

Basi, kabla ya safari yako ijayo, mpigie simu mwenyeji na umuulize maswali matatu: nani anaanza, nani asiguswe, na kitu gani hutangulia. Ukishapata majibu hayo, pua itajua yenyewe pa kwenda.